"Umesoma sana, utatukimbia": mwajiri anaogopa nini, na anajibiwa vipi

Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 20, 2025, na ilipofika Julai 1 mwaka huohuo shirika la USAID likakoma rasmi kuendesha miradi. Tangu hapo watu wengi Tanzania na Kenya waliokuwa wakifanya kazi za miradi wamejikuta nyumbani. Ni wahasibu wenye shahada ya pili, maafisa wa takwimu, waratibu waliokuwa wakisimamia bajeti za mamilioni. Sasa wanaomba kazi ambazo tangazo lake linataka diploma na uzoefu wa miaka miwili, na wengi wanarudishwa na jibu lilelile: "Umesoma sana kwa nafasi hii."

Wapo wanaolichukulia jibu hilo kama tusi. Wapo wanaosema ni kisingizio tu, nafasi ilishatengwa kwa mpwa wa meneja, na kuna wakati wanasema kweli. Lakini mara nyingi zaidi lile jibu ni hofu. Hofu ya mwajiri inaweza kujibiwa, ila majibu ambayo waombaji wengi wamefundishwa kuyatoa huizidisha.

Tuanze na maana. Mtu anapoambiwa amezidi sifa, maana yake elimu yake, uzoefu wake au mshahara wake wa zamani viko juu ya kile kazi inachohitaji. Vitu hivyo vitatu havilingani uzito. Katika vikao vya usaili nilivyokaa, cheti cha shahada ya pili peke yake hakikumtisha mtu. Kinachowafanya wasaili watazamane ni ile sehemu ya wasifu inayoonyesha mwombaji alikuwa na watu sita chini yake na gari la ofisi, na sasa anaomba meza moja ndani ya chumba cha watu wanne. Hapo msaili anajiuliza: huyu anakuja kufanya kazi, au anakuja kusubiri?

Mfikirie mwenye nyumba anayepangisha chumba. Wamekuja wapangaji wawili. Mmoja anahamia mjini na familia yake. Mwingine ana nyumba yake nzuri, ila paa limebomoka na fundi yuko juu. Wote wana kodi mkononi, na huyu wa pili pengine ni mtulivu kuliko wa kwanza. Lakini mwenye nyumba anajua kwamba siku fundi akishuka, chumba kitabaki kitupu. Mwombaji aliyezidi sifa anaonekana kama yule wa pili, hata kama nyumba yake ameshaiuza.

Hasara anayoiogopa mwajiri ni ya kweli, na mwombaji asiyeijua hawezi kuijibu. Tuchukue mfano nitakaoufuata hadi mwisho: chama cha akiba na mikopo, SACCOS ya ukubwa wa kati mjini Iringa, kinatafuta mhasibu kwa mshahara wa shilingi 700,000. Kutangaza nafasi, kupitia mafaili ya maombi na kuita bodi kwenye usaili kunakula wiki kadhaa. Mhasibu mpya akifika, miezi mitatu ya mwanzo anajifunza mfumo wa hesabu wa chama, anawajua wanachama, anaelewa kwa nini mkopo fulani wa mwaka juzi umeandikwa vile ulivyoandikwa. Muda wote huo kuna mtu mwingine ofisini anayemwelekeza na kuacha kazi zake. Mhasibu huyo akiondoka mwezi wa tano, chama kinaanza upya, na kama ni karibu na kufunga hesabu za mwaka, wakaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua vyama vya ushirika, watakuta vitabu vilivyoguswa na mikono mitatu. Meneja ndiye atakayesimama mbele ya mkutano mkuu kueleza. Hofu yake inatoka kwenye kiti hicho.

Hofu hii si ya Afrika Mashariki peke yake, na imewahi kufika mahakamani. Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Robert Jordan, aliomba kazi ya upolisi katika mji wa New London, jimbo la Connecticut. Katika mtihani wa kupima uwezo wa akili alipata alama 33. Idara ile ilikuwa inawaita kwenye usaili waliopata kati ya 20 na 27 tu, kwa hoja kwamba wenye alama za juu huichoka kazi haraka na kuondoka baada ya kufundishwa kwa gharama kubwa. Jordan alishtaki, akashindwa, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikakubaliana na idara. Majaji hawakusema sera ile ilikuwa ya busara. Walisema tu kwamba mwajiri anayeogopa kukimbiwa ana sababu inayoeleweka. Kwa mwombaji wa leo hilo ndilo la kushika: usiingie kwenye usaili ukiwa umekwenda kubishana kwamba hofu ya mwajiri ni ya kipuuzi.

Sasa turudi Iringa. Mwombaji wetu ni mama wa miaka 36, ana shahada ya pili ya fedha, alikuwa mhasibu wa mradi kwa shilingi 2,600,000 kwa mwezi, na mradi umefungwa. Meneja anafunga faili lake, anamwangalia, anauliza: "Dada, nikuulize wazi. Kule ulikuwa unapokea zaidi ya milioni mbili na nusu. Sisi hapa laki saba. Shirika jingine likikuita mwezi wa nne, utabaki na sisi kweli?"

Jibu linalotoka haraka mdomoni ni hili: "Nakuhakikishia, Meneja, mimi ni mtu wa kujituma, nikianza kazi siiachi." Linasemwa kwa moyo safi kabisa. Ubaya wake ni kwamba hata aliyepanga kuondoka mwezi wa nne angelisema vilevile, neno kwa neno. Ahadi ambayo mkweli na mwongo wanaweza kuitoa kwa bei moja haimsaidii msikilizaji kuwatofautisha. Mchumi Michael Spence aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1973, na kazi hiyo ilichangia kumpa tuzo ya Nobeli mwaka 2001. Katika soko la ajira, alama inayoaminika ni ile ambayo asiye na sifa husika ingemgharimu sana kuionyesha. Kiapo hakigharimu kitu.

Kuna jibu la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza: "Hali ni ngumu, niko tayari kwa mshahara wowote." Mwombaji anadhani anaonyesha unyenyekevu. Meneja anasikia kwamba kilichomleta ni ugumu wa hali, na hali ikilainika, kilichomleta kitakuwa kimeondoka.

Hapo ndipo kiini cha jambo lenyewe. Sababu za kuomba kazi ziko za aina mbili: zinazokusukuma kutoka ulikokuwa, na zinazokuvuta kuja hapa. Mradi kufungwa, ada za watoto na mkopo wa benki ni sababu za kusukuma. Ni za kweli na hazina aibu, lakini siku kazi nyingine ikitokea, kazi hiyo nyingine inazitatua vizuri zaidi. Sababu ya kuvuta ni ile ambayo kazi yenye mshahara mkubwa haiwezi kukupa. Kabla ya usaili, chukua kila sababu uliyonayo uipime kwa swali moja: nikipigiwa simu kesho na kuahidiwa mara tatu ya mshahara huu, je, sababu hii bado ipo? Zilizobaki baada ya kipimo hicho ndizo za kupeleka kwa meneja. Kama hakuna hata moja iliyobaki, hiyo nayo ni habari, na nitairudia.

Mama wetu amepima, na jibu lake linakuwa hivi:

"Ni swali la haki, Meneja, hata mimi ningeuliza. Hesabu ya laki saba niliifanya kabla sijaandika barua. Ninakaa kwangu Ipogolo, silipi kodi, na mume wangu ana kazi hapahapa mjini, kwa hiyo mshahara huu unakaa vizuri kwenye bajeti yetu. Kazi za miradi zilikuwa zinanitoa nyumbani karibu wiki mbili kila mwezi. Mwanangu ameanza darasa la kwanza mwaka huu, na tumekubaliana na mwenzangu kwamba sirudi tena kwenye kazi za safari. Tena kuna kitu sijawahi kukifanya. Kule nilikuwa nafuatilia matumizi ya fedha za mfadhili. Sijawahi kusimamia mikopo ya wanachama kuanzia maombi hadi marejesho, na huko ndiko ninakotaka kwenda. Kuahidi maisha yangu yote siwezi. Lakini kazi hii huwezi kuijua kabla hujafunga hesabu za mwaka mara mbili na kukaa na wakaguzi mara mbili. Nikiondoka kabla ya hapo nitakuwa nimepoteza muda wenu na wangu."

Limechukua kama dakika moja na nusu. Cha kwanza alichokigusa ni fedha, kwa sababu fedha ndiyo iliyokuwa imekaa mezani. Hakusema "mshahara si tatizo", sentensi ambayo hakuna anayeiamini. Alionyesha kwa nini kiasi kile kinamtosha yeye, kwa mambo ambayo meneja anaweza kuyathibitisha. Kisha akaeleza mlango alioufunga nyuma yake na sababu ya kuufunga. Sababu hiyo ni ya miaka, kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza hamalizi shule mwezi wa nne.

Sehemu ya kujifunza mikopo ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Mtu anayekubali kwamba katika kazi iliyo "chini" yake kuna kitu asichokijua ameshaacha kuwa mtu aliyezidi sifa. Amekuwa mtu mwenye sifa nyingi upande mmoja na pengo upande mwingine. Lakini pengo lazima liwe la kweli. Mama huyu akiulizwa hapohapo mkopo uliochelewa marejesho unaanza kutengewa akiba ya hasara lini, na akajibu kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi, hadithi yake imevunjika.

Mwisho akataja muda, na muda huo ameufunga kwenye kazi yenyewe. "Nitakaa miaka miwili" ni namba tu. "Kufunga hesabu mara mbili" ni kipimo ambacho mtu wa hesabu anakielewa, na kinamwonyesha meneja kwamba akiondoka baadaye ataacha vitabu vikiwa vimefungwa. Kila fani ina kipimo chake. Mwalimu anaweza kusema kulifikisha darasa moja kutoka kidato cha tatu hadi mtihani wa kidato cha nne. Bwana shamba anaweza kusema misimu miwili ya mahindi.

Tahadhari moja kuhusu sababu za kifamilia. Watu wengi husema wamerudi mkoani kumuuguza mzazi. Ni jambo la heshima, na msaili atalipokea kwa upole. Lakini kimoyomoyo atajiuliza itakuwaje mzazi akipona, au Mungu akimchukua. Ukiwa na sababu ya namna hiyo, isimame pamoja na nyingine isiyo na mwisho wa karibu: nyumba, shule ya mtoto, shamba, kazi ya mwenzi wako.

Maneno ya usaili yanahitaji kukutana na karatasi zilizoyatangulia. Kama wasifu wako unaonyesha umekaa sehemu nne ndani ya miaka mitano, hata jibu zuri namna gani litayumba, kwa hiyo eleza mwanzo wa kila mkataba na mwisho wake: "mradi wa miaka miwili, uliisha kwa ratiba." Kwa mtu wa miradi hili ni la lazima, maana asiyeijua sekta hiyo anaona tu mtu anayehamahama. Katika barua ya maombi, iweke sababu ya kuvuta kwenye aya ya kwanza, usingoje kuulizwa. Wengi huenguliwa mezani na hawafiki kwenye usaili wa kujieleza. Na mmoja wa wadhamini wako awe mtu anayeweza kusema kwa simu kwamba ulibaki kazini wakati wenzako walikuwa wanaondoka. Sifa ya "mchapakazi" haijibu swali lililoulizwa.

Hapa hufuata ushauri unaozunguka sana mitaani: ficha digrii. Andika diploma tu, ya juu iache. Ukweli una pande mbili. Wasifu ni karatasi yako, na si kosa kuutanguliza uzoefu unaohusu kazi na kuiweka shahada ya pili mstari wa mwisho bila mbwembwe. Lakini fomu ya mwajiri ikiuliza kiwango cha juu cha elimu, ukaandika cha chini, umetoa taarifa ya uongo, na uongo huo unaweza kukutoa kazini hata baada ya miaka. Tena ile miaka miwili ya masomo uliyoifuta inabaki kama shimo kwenye wasifu, na shimo huzaa maswali. Baya zaidi, mwajiri aliyeogopa kwamba utamkimbia, siku akigundua ulificha, atahesabu kwamba hata kuondoka utamficha.

Imani nyingine ni kwamba mkataba unaweza kumfunga mtu asiondoke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, na mwezi wa kwanza ni siku 7. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka siku 28 kwa wa mwezi, na siku 7 katika kipindi cha matazamio. Ndicho kiwango cha chini. Lakini hapo kuna kitu ambacho mwombaji anaweza kukitoa mwenyewe: notisi ndefu zaidi. Mama wetu anaweza kumwambia meneja, "Tuandike miezi miwili badala ya mmoja, ili hata ikitokea, nimkabidhi mwenzangu vitabu." Sheria ya Tanzania inataka notisi ndefu iliyokubaliwa iwe sawa kwa pande zote mbili, kwa hiyo naye analindwa kwa miezi miwili hiyohiyo. Ahadi ya namna hii ina gharama. Aliyepanga kukimbia haipendekezi, maana mwajiri mpya hamsubiri miezi miwili.

Kitu ambacho hupaswi kukitoa ni vyeti vyako halisi vikae kabatini kwa mwajiri kama dhamana. Vionyeshe, wavihakiki, wapige nakala, uondoke navyo. Anayetaka kuvishikilia amekwambia mapema jinsi atakavyokutendea.

Si kila mara "utatukimbia" maana yake ni kukimbia. Kuna msaili ambaye angekuwa bosi wako wa moja kwa moja, ana diploma na miaka kumi na tano kazini, na anachokiogopa ni kiti chake. Utamjua kwa maswali. Anayeogopa utaondoka anauliza kuhusu mshahara, makazi na mipango yako. Anayeogopa kiti anauliza kama utaweza "kupokea maelekezo", au anakueleza mara mbili kwamba hapa wana utaratibu wao. Huyu ukimpa hadithi ya miaka miwili umemtisha zaidi. Miaka miwili ya kukuona kila siku ndiyo asiyoitaka. Anahitaji kusikia umewahi kufanya kazi chini ya mtu mwenye elimu ndogo kuliko yako na mkaelewana, kwa mfano halisi, na kwamba utaingia kujifunza utaratibu wa chama kabla ya kupendekeza chochote. Hata hivyo, wapo ambao hakuna jibu litakalowatuliza. Huwezi kuishinda kila hofu kwa maneno.

Waajiri nao wasikie upande wa pili. Mwaka 2009 watafiti Berrin Erdogan na Talya Bauer walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi 244 katika maduka 25 ya nguo ya kampuni moja nchini Uturuki. Waliojiona wamezidi sifa waliuza zaidi. Na pale walipopewa nafasi ya kufanya uamuzi katika kazi yao, ile tabia ya kutoridhika na kutaka kuondoka ilipungua sana. Kwa meneja wa SACCOS hii maana yake ni jambo dogo na la vitendo: usimpe mtu wa namna hii kuingiza miamala tu kutwa nzima. Mwachie atengeneze ripoti ya mwezi ya mikopo iliyochelewa kwa namna yake, na bodi imsikilize akiisoma.

Nilisema nitarudi kwa yule ambaye sababu zake zote zimeanguka kwenye kipimo cha simu ya kesho. Kama kweli unangoja mradi mwingine ufunguke, usitunge mvuto usiokuwepo. Omba kazi yenye mwisho wake: kusafisha hesabu za nyuma kabla ya ukaguzi, kuhamisha vitabu kwenda kwenye mfumo mpya, kushika nafasi ya mtu aliye likizo ya uzazi. Sheria ya Tanzania inatambua mkataba wa kazi maalumu, na wa muda maalumu kwa wenye taaluma. Mwajiri anapata ujuzi ambao kwa kawaida asingeumudu, wewe unapata miezi sita ya kipato, na siku ya kuagana imeandikwa tangu mwanzo.

Na simu ikija kweli kwa yule aliyeahidi kufunga hesabu mara mbili, ikamkuta amefunga mara moja? Amwambie meneja kabla hajasaini kokote. Aulize mwajiri mpya kama anaweza kungoja hadi vitabu vifungwe. Waajiri makini huingoja tarehe iliyo wazi. Kama haiwezekani, anatoa notisi ileile aliyoiandika, anaketi na mrithi wake kwenye orodha ya mikopo, mwanachama kwa mwanachama, na anaacha maelezo ya maandishi ya kila hesabu ambayo haijafungwa, yenye tarehe na sahihi yake.